Kreatini imenipandisha kilo moja na nusu: ni mafuta au ni maji?

*Nina miaka 33, naishi Morogoro. Nilianza kupunguza mwili nikiwa na kilo 81, baada ya wiki nane nikafika 76.8. Wiki iliyopita mwalimu wa jimu alinianzishia kreatini: gramu 20 kwa siku kwa siku tano, nikichanganya na juisi ya boksi, kisha gramu 5 kila siku. Leo ni siku ya saba na mizani inasoma 78.3. Chakula sijabadili. Nyama nakula kwa nadra, mara nyingi ni maharage na mboga. Nimerudisha mafuta? Niache?*

Mafuta hujarudisha, dada yangu, na kreatini usiiache. Kilichoongezeka ni maji. Ila maji hayo hayakuletwa yote na kreatini. Sehemu yake imeletwa na ile juisi, na juisi ndiyo ningependa uiache leo hii.

Tuanze na mafuta, kwa sababu ndiyo yanayokunyima usingizi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Ili uongeze kilo moja na nusu ya mafuta, ungehitaji kula kalori 11,500 na ushei zaidi ya mahitaji ya mwili wako ndani ya siku hizo saba, yaani kama 1,650 za ziada kila siku. Na kumbuka wewe ulikuwa unakula chini ya mahitaji. Kushuka kilo 4.2 kwa wiki nane kunaonyesha kwamba kila siku ulikuwa unakula pungufu kwa kalori kama 500 hivi. Nimeshusha hesabu kidogo makusudi, kwa kuwa sehemu ya kilo za wiki za mwanzo huwa ni maji. Kwa hiyo ungelazimika kwanza kulifuta hilo pengo la 500, kisha uongeze 1,650 juu yake. Chapati ya kawaida ya mafuta hukaribia kalori 300. Hapo tunazungumzia chapati saba kila siku, juu ya mlo wako wa kawaida, kwa wiki nzima. Kama hukuzila ungejua, na kama ungekuwa umezila usingeniandikia kuhusu kreatini.

Sasa kreatini yenyewe. Mwili wako ulikuwa nayo tangu zamani. Ini na figo hutengeneza kama gramu moja kwa siku, na mtu anayekula nyama au samaki mara kwa mara hupata nyingine kiasi hicho kutoka kwenye chakula. Karibu yote, asilimia 95 hivi, hukaa ndani ya misuli, na kazi yake ni kurudisha haraka nishati inayotumika unaponyanyua kitu kizito au kukimbia kwa nguvu kwa sekunde chache. Akiba hiyo ina ukomo. Kwa watu wengi misuli haijajaa, na ukimeza kreatini unajazia sehemu iliyobaki, kiasi cha gramu 20 hadi 30 au zaidi kidogo kwa mtu mwenye misuli mingi. Ikishajaa, kinachozidi hutoka na mkojo.

Hilo la kujaa ndilo ushike, kwa sababu ndilo linaloamua maji yatakuwa kiasi gani. Kreatini ikiingia ndani ya seli ya msuli inaongeza wingi wa chembe zilizoyeyuka mle ndani, na maji huzifuata mpaka ukolezi wa majimaji ya ndani na ya nje ya seli ulingane. Kiasi cha maji kinaweza kukadiriwa. Chukua gramu 25 za kreatini zilizobaki mwilini. Kwa kipimo cha kuhesabia chembe, hizo ni kama milimoli 190. Majimaji ya mwili hubeba takriban milimoli 290 za chembe kwa kila lita. Ukigawanya 190 kwa 290 unapata theluthi mbili ya lita. Kwa mwanamke wa umbo lako inaweza kuwa nusu lita, na kwa mwanamume mwenye misuli mikubwa ikapita lita moja. Ni makadirio, lakini yanakuonyesha ukubwa wa kitu chenyewe. Kreatini haiwezi kuendelea kuvuta maji wiki baada ya wiki, kwa sababu yenyewe haiendelei kuongezeka. Maji hayo huja mara moja, kisha husimama.

Huenda hata uliyaona yakiingia bila kujua. Siku za mwanzo za dozi kubwa mkojo hupungua kidogo, ingawa mtu anakunywa maji kama kawaida. Watafiti wa Sweden na Uingereza waliokuwa wakifanya kazi na Eric Hultman waliliona hilo katika utafiti wao wa mwaka 1996. Baada ya siku hizo mkojo hurudi kwenye kiasi chake.

Umeniambia pia kwamba nyama huli mara nyingi, na umefanya vizuri kusema. Kilo nzima ya nyama mbichi au samaki huwa na kreatini gramu 4 au 5 hivi, maharage na mboga hazina kitu cha kuhesabika. Mtu anayekula kama wewe kwa kawaida huanza na akiba ya chini kuliko mla nyama, kwa hiyo ana nafasi kubwa zaidi ya kujaza, na maji yatakayoifuata huwa mengi zaidi. Mwenzako jimuni anayekula nyama choma kila wikiendi akikuambia yeye hakupanda hata nusu kilo, usidhani mwili wako una kasoro.

Hata hivyo hesabu haijatimia. Tukikupa kreatini robo tatu ya kilo, na hapo tunakukarimu, bado kuna robo tatu nyingine ya kilo isiyo na maelezo. Hapa ndipo juisi inapoingia.

Umesema chakula hujabadili. Nakuamini, na watu wengi husema hivyo kwa sababu kinywaji hawakihesabu kuwa chakula. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya boksi huwa na sukari gramu 28 hadi 30, karibu kalori 115 hadi 120. Gramu 20 za kreatini kwa kawaida hugawanywa mara nne, kwa hiyo ulikunywa glasi nne kwa siku, kalori kama 470. Lile pengo lako la 500 lilikuwa limeliwa karibu lote kwa siku tano mfululizo. Hukunenepa, lakini kwa siku hizo karibu hukupungua pia. Tangu ulipoingia kwenye gramu 5, glasi ikiwa moja kwa siku, pengo limeanza kufunguka tena.

Sukari hiyo ilifanya jambo la pili. Ukiwa unakula pungufu kwa wiki nane, ghala la wanga ndani ya misuli na ini, wanalioita glaikojeni, huwa halijajaa. Ukileta gramu 120 za sukari kila siku, mwili unaona nafasi na unaanza kujaza. Kila gramu ya glaikojeni huwekwa pamoja na maji yanayokaribia gramu 3. Kama katika siku tano ulihifadhi gramu 150 au 200 tu, mizani itaongeza gramu 600 hadi 800 kwa sababu hiyo peke yake. Sasa jumlisha: kreatini nusu hadi robo tatu ya kilo, glaikojeni na maji yake kiasi kama hicho, na kinachobaki ni chumvi, choo ambacho hakijatoka, au siku zako za mwezi. Hapo kilo 1.5 imeeleweka bila kuhitaji hata gramu moja ya mafuta.

Mwalimu wako hakuitoa juisi hewani. Kuna majaribio ya miaka ya 1990 yaliyoonyesha kwamba sukari husaidia misuli kubakiza kreatini zaidi, kwa sababu ya insulini. Lakini majaribio hayo yalitumia zaidi ya gramu 90 za sukari kwa kila dozi, yaani kama glasi tatu za juisi yako kwa mkupuo mmoja, na walioshiriki hawakuwa wanajaribu kupunguza mwili. Kwako wewe faida yake ni kuwahi siku chache kufika mahali ambapo ungefika tu hata bila juisi. Bei yake ni wiki ya kazi yako. Changanya kreatini na maji, au imimine kwenye uji au chai ya vuguvugu na uinywe papo hapo, pamoja na mlo wowote wa siku. Muda wa kuimeza hauna uzito mkubwa, cha msingi ni kutoruka siku.

Wengi huniuliza maji haya yanakaa wapi, kwa kuwa wakisikia maji mwilini wanawaza uso kuvimba na tumbo kujaa. Maji ya kreatini na ya glaikojeni yanakaa hasa ndani ya seli za misuli, kwenye mapaja, mgongo, mabega na makalio. Hayakai chini ya ngozi kama uvimbe wa ugonjwa. Unaweza kuhisi misuli imejaa kidogo, nguo ya mikono ikabana kiasi, ila mkanda wa kiunoni haupaswi kubadilika kwa kiasi cha kukustua. Jipime mwenyewe: bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, karibu na kifundo, kwa sekunde kumi. Ukiondoa kidole na kukuta shimo limebaki, huo ni uvimbe wa aina nyingine, kreatini haiuelezi, na uende hospitali. Vivyo hivyo ukianza kuhema ukiwa umelala, au uzito ukipanda kilo kadhaa kwa siku mbili tatu. Hayo yana magonjwa yake.

Kuanzia sasa fikiria kwamba mizani inakupima ukiwa umevaa viatu. Viatu vina uzito wao, hauongezeki wala haupungui, na mtu anayejipima na viatu kila siku bado ataona kama anapungua. Kosa ni kulinganisha uzito wa leo wenye viatu na uzito wa wiki mbili zilizopita usio navyo. Kwa hiyo ile 76.8 iache kwenye daftari, lakini usiitumie tena kujihukumu. Uzito wako wa kuanzia ni mpya, na bado haujatulia.

Nitakuambia nitakavyofanya kama ningekuwa nakusimamia mwenyewe. Leo acha juisi, endelea na kreatini gramu 3 hadi 5 kwa siku ndani ya maji. Kijiko cha chai kilichofutwa juu kwa kisu kinakaribia kiasi hicho, kutegemea unga ulivyosagwa. Kama kopo lina kijiko chake, soma lebo uone ni gramu ngapi, maana vipo vinavyobeba 3 na vingine 5. Jipime kila asubuhi baada ya choo, kabla ya kula wala kunywa, ukiwa na nguo nyepesi zile zile, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu na siyo zulia. Andika namba bila kuijadili. Mwisho wa wiki jumlisha saba ugawe kwa saba. Huo wastani ndio uzito wako, na namba ya siku moja usiipe nafasi ya kukuharibia siku.

Chukua na futi ya fundi cherehani. Pima kiuno kwenye usawa wa kitovu, umesimama wima, mwishoni mwa pumzi ya kawaida bila kuvuta tumbo, mara moja kwa wiki, asubuhi. Pima mara mbili na uandike wastani. Futi haidanganywi kirahisi na maji ya misuli ya mapaja, na ndiyo maana kwa mtu aliyeanza kreatini naiamini kuliko mizani kwa mwezi wa kwanza.

Wiki ijayo, juisi ikiwa imetoka, sehemu ya glaikojeni itatumika na maji yake yatatoka nayo. Ukirudi pia kwenye pengo lako la kalori 500, mafuta yatapungua karibu nusu kilo. Nategemea wastani wa wiki ya pili uwe mahali fulani kati ya 77.3 na 77.8. Wiki ya tatu iwe karibu na 77, na mwishoni mwa wiki ya nne uwe umepita 76.8 kwenda chini, kreatini ikiwa bado imo mwilini. Ukifika hapo utakuwa na mafuta machache kuliko siku ile mizani iliposoma 76.8 mara ya kwanza, kwa sababu safari hii ndani ya namba hiyo kuna karibu nusu kilo au zaidi ya maji ambayo siku ile hayakuwepo.

Kitu kimoja kinaweza kuivuruga ratiba hiyo, nacho ni hedhi. Wanawake wengi huongezeka nusu kilo, kilo, wengine zaidi, siku chache kabla ya damu kuanza na zile siku za mwanzo, kisha inashuka yenyewe. Kama siku yako ya saba ya kreatini iliangukia hapo, sehemu ya hiyo kilo 1.5 ni yake. Ndiyo maana namwambia kila mwanamke alinganishe wiki na wiki inayofanana nayo katika mzunguko: wiki ya kwanza baada ya damu mwezi huu na wiki ya kwanza baada ya damu mwezi ujao. Kulinganisha wiki ya kabla ya hedhi na ile ya baada yake ni kujitafutia furaha au huzuni ya bure.

Kama mizani yenu jimuni ni ile ya umeme inayotoa pia asilimia ya mafuta, ipuuze hiyo asilimia kwa sasa. Inapitisha umeme mdogo sana mwilini na kubahatisha mafuta kutokana na jinsi umeme unavyopita kwenye maji. Ukibadilisha maji, umebadilisha jibu, na maji yaliyoingia misulini itayahesabu kuwa ni nyama iliyoongezeka. Kuna watu wamefurahi kwa kuambiwa wameongeza kilo ya misuli kwa wiki moja. Ni maji yale yale.

Sasa kuhusu kuacha. Ukiacha leo, akiba ya ziada hutoka taratibu. Kila siku mwili hubadilisha asilimia moja hadi mbili ya kreatini yake kuwa taka inayotoka kwa mkojo, kwa hiyo kurudi ulikokuwa huchukua wiki nne hadi sita. Katika wiki hizo mizani itakuwa inashuka kidogo zaidi ya unavyopunguza mafuta, na utadhani umefanya kazi kubwa kuliko uliyofanya. Udanganyifu ni ule ule, ila safari hii unakufurahisha. Sioni sababu ya kuulipia. Ningekuambia uache kama ungekuwa bondia anayesubiri kupimwa uzito wiki ijayo, au kama kreatini ingekuwa inakuendesha tumbo hata kwa dozi ndogo, au kama una ugonjwa wa figo, ni mjamzito au unanyonyesha. Katika hayo matatu ya mwisho usiitumie mpaka daktari wako aseme.

Na inakusaidia nini wakati unapunguza? Haichomi mafuta, atakayekuambia inachoma anauza kitu. Inakusaidia kunyanyua marudio moja au mawili zaidi kwenye seti nzito, siku ambazo chakula kidogo kinakufanya uchoke mapema. Mazoezi mazito ndiyo yanayouambia mwili ubakize misuli na utoe mafuta. Kama jimuni unatembea tu kwenye mashine na hunyanyui chochote, basi kweli faida yake kwako ni ndogo, na hapo uamuzi wa kuacha ungekuwa wa akili, ingawa kwa sababu nyingine kabisa na ile uliyoniuliza.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajaanza na wanaogopa namba: dozi ya gramu 20 si lazima. Utafiti ule ule wa 1996 ulilinganisha njia hiyo na gramu 3 kwa siku kwa siku 28, na mwishoni mwa mwezi misuli ilikuwa na kiasi kile kile cha kreatini. Tofauti ni mwendo. Ukienda polepole, maji ya theluthi mbili ya lita yanasambaa katika wiki nne, chini ya gramu 200 kwa wiki, na mtu anayepunguza nusu kilo kwa wiki ataona tu ameshuka gramu 300 badala ya 500. Hashtuki. Ningekuwa mwalimu wako ningekuanzishia hivyo, lakini wewe umeshavuka daraja hilo, na hakuna haja ya kuanza upya.

Naomba pia usiyafukuze hayo maji. Najua chai za kupunguza mwili zinavyouzwa, na najua zinachofanya: nyingi zina majani ya kuharisha, na mizani kweli inashuka kesho yake kwa sababu utumbo umemwaga maji na chumvi. Vidonge vya kukojosha ni hivyo hivyo, na vina hatari zaidi. Mafuta hayaguswi. Wala usipunguze maji ya kunywa ukidhani utayanyima misuli. Kunywa kwa kiu, na kwa joto la Morogoro ongeza kidogo siku za mazoezi. Mkojo wa rangi ya njano hafifu unatosha kuwa kipimo.

Kuna jambo la maabara ambalo ni afadhali ulijue sasa. Ukipimwa damu kwa sababu yoyote, utakuta kipimo cha figo kinachoitwa kreatinini. Hiyo ndiyo taka inayotokana na kreatini, na ukitumia kreatini inaweza kupanda kidogo ingawa figo ziko salama. Mashine ikikokotoa uwezo wa figo kutokana na namba hiyo, itakupa jibu baya kuliko hali halisi. Mwambie daktari kabla ya kipimo kwamba unatumia kreatini, gramu ngapi na tangu lini. Akiwa na wasiwasi anaweza kuomba kipimo cha sistatini C, ambacho hakitegemei kreatini, au akakuambia usimame kwa wiki kadhaa kisha apime upya.

Mwisho, nikuonyeshe mahali ambapo maelezo yangu yote yangekuwa hayatoshi. Kreatini huongeza uzito mwanzoni na kusimama. Kama baada ya wiki nne kuanzia leo, ukiwa umeacha juisi na ukilinganisha wiki zinazofanana kimzunguko, wastani wako bado uko juu ya 78 na kiuno hakijashuka hata sentimita moja, usiisingizie tena kreatini. Hapo pengo lako la kalori limefungwa na kitu kingine. Nitakapoanza kukitafuta nitaangalia mafuta ya kupikia yale maharage, na nazi kama unayaunga kwa nazi. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kama kalori 120, na sijaona jikoni watu wengi wakiyapima. Niandikie wakati huo ukiwa na wastani wa wiki nne, vipimo vinne vya kiuno, na kiasi cha mafuta kinachoingia kwenye sufuria kwa siku tatu za kawaida, umekipima kwa kijiko.